Kwa nini 88.1 ya modyuleta haikutani na 88.1 ya redio yako

"Fundi, asalaam aleikum. Nina Corolla 110 ya mwaka 1998 niliyoachiwa na ami yangu. Redio ni ileile iliyokuja nayo, ina mdomo wa kaseti, haina AUX wala Bluetooth. Nimenunua modyuleta ya kuchomeka kwenye kiberiti, ile inayorusha nyimbo za simu zisikike kwenye FM ya gari, nikaiweka 88.1 na redio nikaiweka 88.1. Nasikia kelele na mtu anazungumza kwa mbali, nyimbo zangu hakuna. Redio yenyewe inaishia 90. Kila siku natoka Mtwapa kuja mjini. Nifanyeje bila kubadilisha redio?"

Wa aleikum salaam, mwanangu. Usiirudishe hiyo modyuleta dukani bado. Yaelekea ni nzima, na redio nayo ni nzima, ila zinataja namba moja huku kila moja ina maana yake. Nitakueleza jinsi ya kuzikutanisha, kwa kuwa pesa umeshatoa. Lakini nikwambie mapema: kwa gari lenye mdomo wa kaseti unaofanya kazi, mimi huanza na adapta ya kaseti, na sababu utaziona tukifika huko.

Gari lako limetoka Japani. Kule FM ilipangwa kuanzia 76 mpaka 90. Huku kwetu stesheni zinaanzia 88 hivi mpaka 108. Redio ya Kijapani ikiachwa ilivyo, inashika kipande kidogo tu cha chini cha stesheni zetu, na zote zilizo juu ya 90, ambazo ndizo nyingi, hazipo kwake. Ndiyo maana gari likishatoka bandarini, fundi hufunga ekspanda. Ni kijisanduku kidogo, kama boksi la kiberiti, kinachokaa nyuma ya dashibodi kati ya waya wa antena na redio. Huchukua kila kilichoingia kwa antena na kukishusha kwa kiasi kimoja kisichobadilika, ili kiangukie kwenye ile ngazi ya 76 mpaka 90 ambayo redio inaijua. Wenye magari wengi hawajui kama kipo, kwa sababu wameshazoea kuipata stesheni fulani kwenye namba fulani na hawajauliza kwa nini namba hiyo siyo inayotajwa na mtangazaji.

Sasa fuata nyimbo zako zinakopita. Modyuleta inarusha 88.1 kweli. Antena inaipokea, ekspanda inaishusha, tuseme kwa 16, inakuwa 72.1. Redio yako inaanzia 76, kwa hivyo nyimbo zimepita chini ya mlango. Na wakati huohuo wewe umeisimamisha redio kwenye 88.1, ambapo mbele ya ekspanda ni 104.1 ya hewani. Yule mtu unayemsikia kwa mbali ni mtangazaji wa huko juu, au wa jirani yake. Ungeweza kubonyeza modyuleta mwaka mzima hapo na usisikie wimbo hata mmoja.

Kwa hivyo kazi ya kwanza ni kujua ekspanda yako inashusha kwa ngapi. Hazifanani. Nimekutana na za 12, za 14, za 16, na hata za 20, na mara nyingi namba haikuandikwa popote, au imeandikwa na imefutika. Usihangaike kufungua dashibodi. Tumia stesheni unayoijua. Baraka FM hapa Mombasa iko 95.5. Chomoa modyuleta kabisa, washa redio, kisha tembeza namba kwa mkono, hatua moja moja, bila kutumia kile kitufe cha kujitafutia yenyewe, maana hicho huruka stesheni dhaifu na wakati mwingine husimama pembeni ya stesheni badala ya katikati yake. Ukiisikia Baraka, subiri mpaka wajitaje jina. Soma namba iliyo kwenye redio. Kama ni 79.5, toa kwenye 95.5 unapata 16. Kama ni 81.5, ekspanda yako ni ya 14. Kama ni 83.5, ni ya 12.

Thibitisha kwa stesheni ya pili. Pwani FM iko 103.1. Kwa ekspanda ya 16 lazima uikute 87.1. Ukiikuta hapo, hesabu imekaa. Ikitofautiana kwa 0.1 usishtuke, ekspanda nyingi za bei nafuu haziko sawasawa kabisa, na redio inaonyesha hatua za 0.1 tu. Ikiwa ekspanda ni ya 20, Baraka ingeanguka 75.5, chini ya mwanzo wa redio, kwa hivyo hutaipata kamwe, lakini Pwani utaikuta 83.1. Ndiyo maana nataka uwe na stesheni mbili mkononi, moja ya chini na moja ya juu.

Kanuni yenyewe ni hiyo tu: namba ya modyuleta ni namba ya redio ukijumlisha kiasi cha ekspanda. Kwa ekspanda ya 16, dirisha lako lote la hewani ni kuanzia 92 mpaka 106. Modyuleta ikiwekwa chini ya 92 au juu ya 106, redio haina habari nayo.

Yawezekana pia ukatembeza redio yote usiipate Baraka wala Pwani, ukakuta vistesheni viwili vitatu tu karibu na 88 na 90. Basi gari lako halina ekspanda, au ipo na haipati umeme. Hapo 88.1 ni 88.1 kweli, na tatizo lako ni lingine: modyuleta nyingi za hapa zinaanzia 87.5, redio inaishia 90, na pande hizo mbili zinakutana kwenye kijia chembamba tu ambacho tayari kina wenyewe. Kabla hujakata tamaa, pandisha namba ya redio ipite 90 uone inaonyesha nini. Redio nyingi za Kijapani za wakati huo, baada ya 90, zinaonyesha 1ch, 2ch na 3ch. Hizo zilikuwa za kusikiliza sauti ya televisheni za kule, ambayo ilirushwa kwenye 95.75, 101.75 na 107.75. Televisheni ya analogi ilizimwa Japani mwaka 2011, lakini redio yako haijaambiwa. Iweke kwenye 3ch, modyuleta iweke 107.7 au 107.8, na kama hakuna stesheni ya karibu hapo, wimbo utaingia. Tofauti ya 0.05 haiumizi. Nimewafanyia hivyo watu kadhaa wasiotaka kufunga ekspanda. Lakini ikumbuke vizuri: ukishakuwa na ekspanda, njia hii haipo tena.

Turudi kwenye gari lenye ekspanda, ambalo nadhani ndilo lako. Ukishajua kiasi, unatafuta mahali patupu. Hapa ndipo watu wengi huharibu, kwa sababu hawajui patupu panasikikaje. Patupu pana mvumo sawasawa, kama mvua kwenye mabati kwa mbali, shhh isiyopanda wala kushuka, na nyuma yake hakuna mtu. Ukikuta namba iliyo kimya kabisa, bila mvumo, usiifurahie. Kimya maana yake kuna kitu kinarusha hapo bila sauti, na kinaweza kuanza kuzungumza wakati wowote. Tafuta mvumo. Kisha sogea 0.1 na 0.2 kila upande usikilize tena, maana stesheni yenye nguvu humwagikia jirani zake. Mahali pazuri ni pale ambapo pande zote mbili pia zinavuma.

Kwa nini nasisitiza patupu? Redio ya FM ina tabia moja: kwenye namba moja humfuata mwenye nguvu zaidi na kumwacha mwingine kabisa. Modyuleta yako ina nguvu ndogo mno, imetengenezwa kwa makusudi ifike mita chache tu ili isimsumbue jirani. Stesheni ina mnara. Ukisimama juu ya stesheni, hata ile unayoisikia hafifu, mtapokezana: nusu dakika wimbo wako, nusu dakika mahubiri, kadiri gari linavyogeuka na majumba yanavyokinga. Hiyo kupokezana ndiyo dalili. Ukiisikia, usiguse sauti wala usilaumu simu, hama namba.

Kuna jamaa alinijia na Corolla kama yako, naye ni mtu wa barabara ya Malindi. Ekspanda yake tuliipima ikawa ya 16. Hapo karakana tulipata namba safi, tukaweka, nyimbo zikaingia vizuri, akaondoka ameridhika. Alipofika daraja la Nyali sauti ya mtu ikachomoza katikati ya wimbo, na kila alivyosogea mjini ikazidi. Akarudi. Safari hii nikamwambia asipime kwa kusimama sehemu moja. Tulichagua namba nne zenye mvumo, akaziandika kwenye karatasi, akaenda nazo nyumbani na kurudi huku modyuleta imechomolewa, akizisikiliza akiwa amesimama: kwake Mtwapa, pale Bamburi, kabla ya daraja, na mjini. Mbili zikafa njiani, moja ikawa na jirani mwenye fujo, na ya nne, iliyosomeka 84.6 kwenye redio, ikavuma sawasawa kila mahali. Modyuleta ikawekwa 100.6. Wewe usiichukue namba hiyo. Ekspanda yako yaweza kuwa tofauti, na hewa yenyewe hubadilika stesheni mpya zinapofunguliwa. Chukua ule utaratibu wa kupima njia nzima.

Ukichomeka modyuleta kwenye namba iliyo sawa, utajua kabla hata ya kucheza wimbo: ule mvumo unakatika ghafla, kimya. Kimya hicho ndicho redio ikikwambia imemshika mrushaji wako. Kama mvumo umepungua tu na haujakatika, modyuleta inafika ikiwa imechoka. Angalia antena yako iko wapi. Bodi ya gari ni chuma, na inakinga kile kinachorushwa ndani kisifike kwenye antena iliyo nje. Jaribu kuigeuza modyuleta kwenye tundu lake, au ikiwa ina shingo, ielekeze upande wa kioo. Halafu fanya jambo ambalo watu hudhani ni kinyume: kama antena yako ni ya kuvuta, ishushe. Ukiishusha, stesheni za mbali zinapoteza nguvu nyingi, lakini modyuleta iliyo hapo jirani, inayoingia hata kupitia waya wenyewe, haipotezi kiasi hicho. Mara nyingi hilo tu linamaliza kupokezana. Ukitaka kusikiliza redio tena, iinue.

Na kwa kuwa tuko Pwani, chunguza pini ya antena inapoingia kwenye ekspanda na kwenye redio. Chumvi ya hewa yetu hula pini hizo zikawa za kijani. Pini iliyooza hufanya stesheni zote ziwe hafifu, pamoja na wimbo wako, na mtu hununua modyuleta ya pili na ya tatu bure. Ichomoe, ipanguse mpaka ing'ae, irudishe kwa nguvu.

Sauti ya simu iweke juu, robo tatu au zaidi kidogo, na sauti ya gari uishushe. Simu ikiwa chini, redio italazimika kukuza mvumo pamoja na wimbo. Simu ikiwa juu kupita kiasi, utasikia herufi ya "s" inapasuka na ngoma inakwaruza, basi punguza hatua moja au mbili mpaka ipoe. Kama modyuleta ina sauti yake yenyewe, hiyo nayo ihesabu: ikiwa imefikishwa mwisho, mpasuko huo hautaondoka hata ukiishusha simu kidogo.

Hata ukifanya yote hayo, FM ina mwisho wake. Sauti nyembamba za juu zaidi ya kilohezi 15 hazipiti, mvumo kidogo hubaki kwenye sehemu tulivu za wimbo, na ekspanda inaongeza wake. Kwa nyimbo za kuchangamka hutajali. Kwa taarabu, ambapo udi au fidla inabaki peke yake, utausikia.

Ndipo ninapokuja kwenye ule mdomo wa kaseti.

Adapta ya kaseti ni ganda la kaseti lenye waya unaoishia kwenye pini ya eafoni. Ndani hakuna utepe. Kuna kichwa kidogo cha sumaku, kimewekwa pale hasa kichwa cha kusomea cha redio kinapokuja kugusa. Kwa kawaida utepe hupita mbele ya kichwa hicho kwa sentimita 4.76 kila sekunde, na sumaku iliyoandikwa juu yake ndiyo inayotikisa kichwa. Adapta haipitishi chochote. Umeme wa sauti kutoka kwenye simu unafanya sumaku ya kichwa chake ipande na kushuka palepale, na kichwa cha redio hakijui tofauti. Hakuna namba ya kutafuta, hakuna ekspanda, hakuna stesheni ya Mtwapa wala ya mjini. Ndiyo maana ninaipenda kwa mtu wa safari ndefu kama wewe: ukiiweka sawa mara moja, inabaki sawa daraja mpaka daraja.

Kabla hujainunua, jua kama mdomo wako unafanya kazi. Kamuombe mama au shangazi kaseti moja ya zamani, nyumba nyingi za hapa bado zina kasha la kaseti za taarabu mahali fulani, ila chukua ambayo hawaililii, maana redio mbovu inaweza kutafuna utepe. Iweke, sikiliza dakika tano. Ikicheza, umeshinda. Na hata ikicheza kwa kuyumba, mwimbaji anavutika kama amelewa usingizi, bado usiikatae. Kuyumba huko kunatokana na mpira au mota iliyochoka, mwendo wa utepe haulingani. Adapta haina utepe, mwendo wa wimbo unashikwa na simu, kwa hivyo hautayumba. Unachohitaji ni vitu viwili tu: kichwa kisafi, na magurudumu ya redio yanayozunguka.

Hayo magurudumu ndiyo kiini cha lalamiko kubwa la adapta: inacheza sekunde chache, inasikika taki, inageuza upande, inacheza tena kidogo, kisha redio inaitema. Mtu hudhani adapta haifai kwa gari lake. Sababu ni hii. Redio za wakati wa gari lako hujigeuza zenyewe kaseti ikifika mwisho, na zinajua mwisho umefika kwa kuona gurudumu limesimama. Ndani ya adapta kuna vijigia vya plastiki vinavyounganisha gurudumu moja na jingine ili redio ione mzunguko na itulie. Vijigia vikikwama, redio inaamini utepe umekwisha, inageuza, inakuta upande wa pili nao "umekwisha", inatema.

Niliwahi kuletewa adapta tatu za mtu mmoja, zote za kutemwa. Nilizifungua, zinashikwa na skrubu ndogo. Mbili gia zilikuwa zimegandiwa na grisi iliyoyeyuka na kukauka, kwa kuwa zilikuwa zikiachwa ndani ya gari juani. Nilizifuta kwa pamba na spiriti, nikatia tone moja la mafuta ya cherehani, zikazunguka kwa kidole bila kukwaruza, na redio ikazikubali. Ya tatu gia ilikuwa imevunjika jino, hiyo haikuwa na dawa. Kwa hivyo dukani, kabla ya kulipa, ingiza kidole kwenye tundu moja la adapta na uzungushe. Tundu la pili lifuate, laini, bila mlio. Likigoma hapo, litagoma na kwenye gari.

Dalili ya pili ni sauti hafifu, au upande mmoja tu wa spika, au iliyofubaa kama mtu anaimba ndani ya mtungi. Hapo gia hazina lawama, vichwa viwili havijaonana. Kwanza bonyeza kile kitufe cha kugeuza upande, kwenye redio nyingi kimeandikwa PROG. Kichwa cha redio ya kujigeuza kina pande mbili, na adapta nyingi zinasikika kwa upande mmoja tu. Mara tisa kati ya kumi za sauti hafifu nilizoletewa ziliishia kwenye kitufe hicho. Kama haikusaidia, kichwa ni kichafu. Usimwagie petroli wala thina kupitia mdomo, vitu hivyo vinayeyusha mpira wa ndani. Tafuta kaseti ya kusafishia, au mpe fundi akifungue akisafishe kwa pamba na spiriti safi. Halafu kama redio ina alama ya D mbili zinazotazamana, hiyo ni Dolby, izime. Ilitengenezwa ipunguze mvumo wa utepe uliorekodiwa kwa namna yake, na kwa kuwa simu yako haikurekodi hivyo, itakachofanya ni kukufubazia sauti za juu.

Kuna faida moja ya adapta ambayo mtu huigundua akiwa barabarani. Ukiunganisha simu na redio kwa waya wa AUX huku simu inachajiwa na gari, mara nyingi unapata mlio mwembamba unaopanda ukikanyaga mafuta. Unatoka kwenye altaneta, unapita kwenye waya wa chaji na kurudi kwenye waya wa sauti. Adapta ya kaseti haiunganishi umeme wa simu na redio popote, vinazungumza kwa sumaku tu, kwa hivyo mzunguko huo haukamiliki. Nyingi hukaa kimya hata simu ikichaji safari nzima. Modyuleta haina bahati hiyo, umeme wake wote unatoka kwenye kiberiti. Ukisikia mlio kwenye modyuleta, zima injini na uache ufunguo kwenye hatua ya redio tu. Mlio ukipotea, ni altaneta. Ukibaki, ni modyuleta yenyewe au chaja iliyo ndani yake, na nyingi za bei ya chini ndivyo zilivyo.

Waya wa adapta una mahali pake pa kutokea. Redio nyingi zinaacha upenyo mdogo kwenye kona ya mdomo, na adapta bora ina waya unaoweza kutoka upande wa kushoto au wa kulia. Chagua upande ambao kifuniko cha mdomo hakiubani, kisha uupitishe mbali na gia ya gari. Waya uliobanwa hukatika ndani kwa ndani, na dalili yake ni spika ya upande mmoja inayokuja na kupotea ukiutikisa.

Kama simu yako haina tundu la eafoni, utahitaji kiunganishi kutoka USB-C. Hapo angalia: viko vya aina mbili. Kimoja ni waya mtupu, kinategemea simu itoe sauti yenyewe kupitia tundu hilo, na simu nyingi hazifanyi hivyo. Kingine kina kibadilishaji sauti ndani yake, nacho ndicho kinachokubali simu nyingi zaidi. Kijaribu na simu yako mwenyewe hapo dukani ukiwa na eafoni, usikubali kuonyeshwa kwa simu ya muuzaji. Ziko pia adapta za kaseti za Bluetooth, bila waya. Zinafanya kazi, lakini zina betri ndani ya ganda, lazima uzitoe kuzichaji, na gia zake zinahitaji ukaguzi uleule wa kidole.

Na ukiegesha, itoe. Ndani ya gari lililofungwa vioo kwenye jua la hapa saa saba mchana, plastiki hulegea na kupinda kidogo tu, na kidogo hicho kinatosha ikwame mdomoni. Nimezing'oa nyingi kwa kufungua redio nzima. Iweke kwenye kabati la dashibodi, na humohumo ndani, kwa kalamu ya wino usiofutika, andika ekspanda yako ni ya ngapi. Siku utakapomwazima mtu gari na modyuleta yake, hatakupigia simu kukuuliza.